Kahawa ya mkutano kwenye birika kubwa la umeme: mwongozo kamili wa kupima kahawa na maji kwa gramu

Swali la kahawa kiasi gani kwa maji kiasi gani kwenye birika kubwa la mkutano limenirudia mara nyingi hadi nimeamua kulijibu kwa kirefu. Mtu amepewa kazi ya kuandaa kahawa ya watu hamsini au sitini. Ana birika kubwa la umeme lililoandikwa vikombe 100, anahesabu vijiko usiku wa kuamkia mkutano, na asubuhi inatoka kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Mkutano unaofuata anaongeza vijiko. Sasa inatoka chungu, watu wanaacha vikombe nusu mezani na kuulizia chai.

Kinachomwangusha ni kijiko. Kijiko cha chakula kilichojaa kahawa iliyokaangwa kidogo huweza kubeba gramu 7. Kijiko hicho hicho, kikijazwa kahawa iliyokaangwa sana hadi kuwa nyeusi, hubeba karibu gramu 5, kwa sababu buni ikikaangwa sana hufura na kuwa nyepesi. Kwa kikombe kimoja huwezi kuona tofauti. Kwa vijiko 90 tofauti ni gramu 630 dhidi ya gramu 450, yaani kahawa mbili tofauti kabisa kwa hesabu ile ile ya vijiko. Mizani haina shida hiyo.

Mwongozo huu ni wa birika lenye bomba jembamba katikati na kikapu cha chuma chenye matundu kinachokaa juu ya bomba hilo. Maji ya moto hupanda bombani, humwagikia kahawa, hushuka, kisha hupanda tena. Kama birika lako ni la kuchemshia maji tu, halina kikapu, soma hatua ya 1 mpaka ya 3 kisha uende sehemu ya "Kama birika lako halina kikapu".

## Vifaa

- Birika la umeme la lita 15 hivi, pamoja na bomba lake la katikati, kikapu na kifuniko cha kikapu chenye matundu
- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu, yenye uwezo wa kilo 5
- Jagi la plastiki la lita 3 au zaidi
- Kahawa halisi iliyosagwa chengachenga
- Maji baridi safi ya kunywa
- Glasi moja ya kioo cheupe, kwa kuonjea
- Chupa za chai mbili au tatu
- Kitambaa kinene na sinia

Kuhusu kahawa, kuna mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya kulipa. La kwanza, isiwe ile ya unga unaoyeyuka kwenye maji ya moto. Hiyo haichujwi, na ukiiweka kwenye kikapu itapita yote kwenye matundu. La pili, isisagwe laini. Kahawa wanayochemsha wauza kahawa wa vijiweni kwenye madele yao husagwa laini kama unga na kwao inafaa, lakini kwenye kikapu huziba matundu, maji yakajaa na kufurika pembeni, na birika zima likachafuka kwa tope. Mwambie msagaji unataka chengachenga, punje za ukubwa wa chumvi ya mawe. Ukiisugua kati ya vidole usikie punje, isishike vidoleni kama unga.

## Hatua ya 1: Shika kipimo cha gramu 50 kwa lita 1

Anza na gramu 50 za kahawa kwa kila lita 1 ya maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo huo ni uwiano wa 1 kwa 20.

Chama cha kimataifa cha kahawa, SCA, katika kipimo chake cha kikombe bora hutumia gramu 55 kwa lita 1, kwa kupungua au kuzidi asilimia 10. Lakini katika mashine nyingi za kuchuja, maji hupita kwenye kahawa mara moja tu. Katika birika letu maji hurudi tena na tena, hivyo hukamua zaidi kutoka kwenye punje zile zile. Ndiyo maana naanzia upande wa chini wa kipimo hicho. Gramu 60 kwa lita, ambazo hutoa kahawa nzuri kwenye kichujio cha karatasi, kwenye birika hili huwa nzito kwa watu wengi.

Kuna hali moja inayonifanya nipande hadi gramu 55: pale ninapojua wengi watatia maziwa. Maziwa huilainisha kahawa na kuifunika ladha, kwa hiyo inabidi iwe na nguvu ya kutosha kusikika.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia vikombe, siyo kuanzia birika

Hapa ndipo wengi hupotea hata wakiwa na mizani. Maandishi ya vikombe 100 kwenye birika huhesabu kikombe cha mililita 150 hivi, na huhesabu maji unayotia, siyo kahawa unayomimina. Punje zilizolowa hubaki na maji karibu mara mbili ya uzito wake. Gramu 50 za kahawa huzuia mililita 100 hivi, hivyo katika kila lita 1 unayotia, unapata takribani mililita 900.

Kanuni ni mbili tu:

```
maji (lita) = kahawa unayotaka kupata (lita) ÷ 0.9
kahawa (gramu) = maji (lita) × 50
```

Tuchukue mkutano wa watu 60 unaoanza saa 2:30 asubuhi hapa Moshi, kahawa iwe mezani saa 2:00. Usidhani wote 60 watakunywa kahawa, hata kama tupo chini ya mlima wenye kahawa. Ukiuliza, utakuta kumi au kumi na tano ni wa chai. Tuseme wanywaji ni 45, na kila watatu mmoja wao atarudi kujaza tena. Hivyo ni vikombe 60. Kikombe cha ukumbini, kikimiminwa bila kujazwa pomoni, huchukua mililita 180. Vikombe 60 ni lita 10.8.

Ongeza nusu lita kwa sababu kahawa iliyo chini ya usawa wa koki haitoki, labda uinamishe birika, na birika la moto haliinamishwi. Sasa unataka kupata lita 11.3. Gawanya kwa 0.9, unapata lita 12.6 za maji. Zidisha kwa 50, unapata gramu 630 za kahawa.

Jikague: gramu 630 zitazuia lita 1.26 hivi. Toa kwenye 12.6, inabaki 11.3 na ushee. Hesabu imekaa.

Angalia pia birika lenyewe. Lita 12.6 zinaingia kwenye birika la lita 15 bila shida. Lakini usipike chini ya nusu ya birika. Maji yakiwa kidogo, mzunguko wake huwa dhaifu na kahawa iliyo juu ya kikapu hailowi vizuri. Kwa watu ishirini tumia birika dogo.

## Hatua ya 3: Pima kahawa usiku

Weka bakuli tupu juu ya mizani, bonyeza TARE mpaka isome sifuri, kisha mimina kahawa hadi 630. Kama unanunua pakiti za gramu 250, fungua tatu na bakiza gramu 120. Usiseme "pakiti mbili na nusu hivi", maana hiyo "hivi" ndiyo imekuleta hapa.

Gramu 5 huku au kule kwenye 630 hakuna atakayezisikia. Gramu 50 zitasikika.

Kabla ya kufunika, jaza kahawa hiyo kwenye kikapu uone kama inaenea. Kahawa ya chengachenga isiyoshindiliwa huchukua nafasi ya takribani lita 1 kwa kila gramu 350, kwa hiyo gramu 630 ni kama lita 1.8. Inatakiwa ibaki nafasi ya upana wa vidole viwili hadi ukingoni, kwa kuwa punje hufura zikilowa. Ikifika ukingoni, usiishindilie. Punguza maji na kahawa kwa pamoja ukishika uwiano ule ule, na kile kilichopungua kipike mzunguko wa pili. Kuishindilia kahawa ili iingie ndiyo njia ya haraka ya kupata birika linalofurika tope saa 1:30 asubuhi.

Irudishe kahawa kwenye kopo linalofungwa vizuri, uandike juu yake: gramu 630, maji lita 12.6. Asubuhi utakuwa na mambo mengi kichwani.

## Hatua ya 4: Pima maji, yawe baridi

Mizani ya kilo 5 haiwezi kubeba birika, kwa hiyo pima kwa jagi. Weka jagi tupu, bonyeza TARE, jaza hadi isome kilo 3, mimina kwenye birika. Fanya hivyo mara nne, kisha pima 0.6 ya mwisho. Piga mstari kwenye karatasi kila jagi linapoingia. Nimewahi kusimamishwa na simu kwenye jagi la tatu, nikarudi nikatia la tatu tena, na kahawa ya siku hiyo ilikuwa nyepesi kwa karibu lita 3 nzima za maji.

Alama za vikombe zilizo ndani ya birika zitumie kujikagua tu. Kwa kikombe cha mililita 150, lita 12.6 ni kama alama ya 84. Kama maji yako yameishia 65 au yamepita 100, kuna jagi ulilolisahau au ulilolirudia.

Usitie maji ya moto ukidhani unaokoa muda. Birika hili hujizima mchemko lenyewe maji yanapofika joto lake, na likipewa maji ambayo tayari ni ya moto, huona kazi imekwisha kabla maji hayajapita kwenye kahawa vya kutosha. Taa ya kijani itawaka, na koki itatoa kitu chenye rangi ya chai ya rangi.

## Hatua ya 5: Panga bomba, kikapu na kahawa

Simamisha bomba la katikati kwenye shimo lake chini ya birika. Likikaa upande, maji hayatapanda. Lisukume kidogo mpaka usikie limetulia.

Lowesha kikapu kitupu kwa maji baridi kabla ya kutia kahawa, ili chembe ndogo zishike kwenye chuma badala ya kupenya kwenye matundu. Mimina kahawa, itikise taratibu isawazike, na ufunike kwa kile kifuniko chenye matundu. Kifuniko hicho watu hukipoteza jikoni na kuendelea bila hicho. Usifanye hivyo. Kazi yake ni kutawanya maji kahawa yote ilowe. Bila hicho maji hutoboa shimo katikati, kahawa ya pembeni inabaki kavu, na wewe umepima gramu 630 lakini zimefanya kazi 400.

Funga kifuniko kikubwa mpaka kijifunge.

## Hatua ya 6: Washa kwa hesabu ya saa

Tazama kibati kilicho chini ya birika uone nguvu yake. La wati 1500 huhitaji kama dakika 43 kuzipandisha lita 12.6 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 93, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea njiani. Umeme ukiwa hafifu, inachelewa zaidi. Mimi huhesabu saa 1 kamili ya kupika na robo saa ya akiba. Kahawa ya saa 2:00 inawashwa saa 12:45.

Chomeka moja kwa moja ukutani. Kama lazima utumie waya wa kuongezea, uwe mnene na uufungue wote. Waya uliokunjwa na kuviringishwa hupata moto na unaweza kuyeyuka.

Ukifuata hivi, baada ya muda utasikia birika linaguna, kisha linapiga mfululizo kama mtu anayegonga mlango kwa upole. Hayo ni maji yanayopanda bombani. Mlio huo ukikoma na taa ikiwaka, kahawa ni tayari.

Usifungue kifuniko linapogonga. Maji yanayoruka ni ya moto wa kuunguza uso. Wala usilisogeze: lina zaidi ya kilo 13. Lipange mezani likiwa tupu, mahali litakapotumika, waya usipite wanapopita watu.

## Hatua ya 7: Toa kikapu, onja, rekebisha

Taa ikiwaka, chomoa umeme, subiri dakika 3 mvuke upungue, fungua kwa kitambaa, na uinue kikapu pamoja na bomba lake. Kiache kichuruzike kidogo juu ya birika, kisha kiweke kwenye sinia. Rudisha kifuniko na uchomeke tena.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kikapu kikibaki, mvuke huendelea kukamua machicha na matone machungu yanadondoka ndani saa nzima. Kahawa iliyopimwa vizuri ikaharibika saa 2:30 mara nyingi imeharibiwa na kikapu.

Yatazame machicha. Yakiwa yamelowa sawasawa na uso wake uko bapa, maji yamefanya kazi. Yakiwa na shimo katikati na kingo kavu, rudi hatua ya 5.

Kikombe cha kwanza kutoka kwenye koki kirudishe birikani, kwa kuwa maji yaliyokaa ndani ya koki hayakuzunguka na wenzake. Kikombe cha pili kitie kwenye glasi na ukiinue kwenye mwanga. Kahawa iliyokaa sawa ni kahawia yenye wekundu, na mwanga unapenya ukingoni. Iache ipoe kidogo, kisha onja bila sukari.

Ikiwa nzito mno, mshukuru Mungu, hiyo inatibika. Ongeza nusu lita ya maji ya moto, koroga, onja tena.

Ikiwa nyepesi, usirudishe kikapu chenye kahawa mpya ukaipika kahawa iliyokwisha pikwa. Itaungua ladha na bado haitakolea sawasawa. Chemsha maji kwenye sufuria, epua, tia gramu 100 kwa kila lita 1, koroga, funika dakika 5, kisha uchuje kwa kitambaa safi na kuimimina birikani. Yule aliyetumia vijiko 90 vyepesi akapata gramu 450 kwenye lita 12.6, ana gramu 36 tu kwa lita. Lita 2 za namna hii zitamsogeza karibu na kipimo, ila apunguze kwanza kahawa nyepesi kwenye birika ili pawe na nafasi. Ni kazi ya dakika kumi na tano, ndiyo sababu ile robo saa ya akiba ipo.

Tofautisha pia uzito na uchungu. Kahawa inaweza kuwa nyepesi na chungu kwa wakati mmoja, na hapo watu huchanganyikiwa. Hiyo ni kahawa kidogo iliyokamuliwa kupita kiasi: gramu zilipungua, au ilisagwa laini. Kuongeza maji hakutaiponya. Ongeza gramu mara ijayo.

## Hatua ya 8: Iweke mezani kwa muda wake

Birika huiweka kahawa kwenye joto, na joto hilo hilo huila ladha. Ndani ya saa 1 ni nzuri. Baada ya hapo inaanza kuwa kali ulimini.

Kwa mkutano wenye mapumziko saa 4:30, suuza chupa za chai kwa maji ya moto, zijaze kahawa mara tu unapotoa kikapu, uzifunge. Kahawa ya chupa inakaa vizuri kuliko ya birika linalowaka asubuhi nzima. Kiasi kilichobaki kikikaribia koki, chomoa umeme, kwa kuwa tabaka jembamba chini huungua na harufu yake hukaa hadi mkutano unaofuata.

Maziwa na sukari viwe pembeni kila mtu ajitilie. Maziwa ndani ya birika hili hugandia chini na kuungua, na kuyatoa ni kazi ya siku nzima.

## Kama birika lako halina kikapu

Litumie kwa maji tu. Kwa lita 11.3 za kahawa, hesabu inabaki ile ile ya kugawanya kwa 0.9, ila tumia gramu 55 kwa lita, kwa sababu hapa kahawa inakutana na maji mara moja tu. Hizo ni karibu gramu 700 kwa lita 12.6.

Gawanya kwenye sufuria mbili safi zisizonuka kitunguu. Tia kahawa kwanza, mimina maji yaliyotoka kuchemka, koroga mara tatu, funika dakika 5. Machicha mengi yatazama. Chota kutoka juu, chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, moja kwa moja kwenye chupa za chai. Usikamue kitambaa, kwa sababu kinachotoka kwa kukamua ni tope na uchungu.

## Baada ya mkutano

Osha birika siku hiyo hiyo, pamoja na ndani ya bomba la katikati kwa brashi nyembamba. Mafuta ya kahawa yakikauka humo huvunda, na gramu 630 zilizopimwa kwa uangalifu zitapita katikati ya uvundo huo. Kama kuna utando mweupe wa chokaa chini, chemsha maji yenye juisi ya limau, yaache nusu saa, kisha chemsha maji matupu mara moja na umwage.

Halafu andika kwenye daftari: maji 12.6, kahawa 630, jina la kahawa na jinsi ilivyokaangwa, lita ngapi zilibaki, na walisemaje. Kama wengi walisema iko nyepesi, mkutano ujao tumia 55 badala ya 50 na usibadilishe kitu kingine chochote. Ukibadilisha gramu, usagaji na aina ya kahawa kwa mara moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia.